Usianze namba hasi na deni, anza na baridi

Walimu wenzangu wa junia sekondari, kuna kosa nilifanya mwaka wa kwanza hapa Nairobi. Nilianza namba hasi na deni, nikauliza -8 na -3 ipi kubwa, na karibu darasa zima likasema -8. Ukifikiria vizuri walikuwa na sababu, mwenye deni ya shilingi nane kweli deni yake ni kubwa kuliko ya mwenye tatu. Mfano wangu ndio uliwapotosha.

Siku hizi naanza na baridi. Hata Julai sisi hapa hatufiki sufuri, lakini friza ya nyama wanaijua na hiyo huwekwa kama -18 hivi. Nachora themomita imesimama wima, sufuri pale maji huanza kuganda, halafu nauliza wapi kuna joto zaidi, -8 ama -3? Hakuna mabishano, -3 iko juu. Baadaye nachukua themomita ya manila nailaza, ile ncha ya juu iende mkono wa kulia, na hapo ndio wanaona mstari wa namba ni ile themomita tu imelala. Ukiilaza kushoto namba chanya zitakaa upande mbaya, chunga sana hapo.

Deni inakuja wakati wa kujumlisha, juu joto halijumlishwi, digrii 12 za asubuhi na 24 za mchana hazifanyi 36. Pesa ndio zinajumlishwa. Sema mtoto ana deni ya 30 kwa mama mboga, tunachora mstari wa kumi kumi, anaweka kidole kwa -30. Leo anapeleka 50, anaruka -20, -10, 0, 10, 20, ruka tano, deni imeisha na mama anamshikia 20. Sasa kuna wenye watakuandikia 10, na usikimbilie kusema hawajasoma, angalia kidole. Utapata amesema "moja" akiwa bado kwa -30. Jibu likipungua kwa hatua moja tu, karibu kila mara ni hilo, anahesabu alama badala ya kuhesabu ruka. Mimi huwaambia mdomo unyamaze mpaka kidole kitoke.

Na maneno ya swali chunga pia, usiulize nani ana deni kubwa, uliza nani ako na hali nzuri kwa daftari ya mama. Ukubwa wa deni ni umbali kutoka sufuri, hiyo waachie kipindi kingine.

Kesho yake nawapima hivi: uko -30, umekopa 20 tena, uko wapi? Mwenye ataniambia -10 ameona 30 na 20 akatoa tu, kwa hivyo namsimamishia tena ile manila, namuuliza ikiwa ni -30 na baridi izidi kwa digrii 20, kidole kinapanda ama kinashuka.