Hiyo 38 ya dhahabu ni dola, siyo nguvu

"Wakuu, Momentum ya siku 10 kwenye dhahabu inasoma 38, EURUSD inasoma 0.0140. Zote zimevuka sifuri kwenda juu. Niingie dhahabu, si ndiyo yenye nguvu?"

Toa kidole kwenye kitufe, mkuu. Indiketa imechukua bei ya leo ikatoa bei ya mishumaa kumi nyuma, basi. Yuro inayotembea kwa nukta nne za desimali ingefikaje 38?

Hilo limenila dola 640. "Mwalimu" wetu wa kundi la kulipia, shilingi 150,000 kwa mwezi, alituambia namba kubwa ndiyo nguvu kubwa. Siku hiyo Bitikoini ikasoma 1,500, dhahabu thelathini na kitu kama yako. Nikafunga dhahabu ikiwa kwenye faida, nikahamia Bitikoini kwa loti maradufu. Nguvu mara arobaini jamani, nani angebaki? (Msinicheke, humo ndani tulikuwa na mhasibu.)

Kinachoniuma zaidi, hata ule uvukaji wa sifuri ulikuwa hewa. Jana yake bei ilifunga 43,500, na siku kumi nyuma ilikuwa 43,600, kwa hiyo Momentum ilisoma hasi 100. Siku iliyofuata ikafunga palepale 43,500, ila sasa inalinganishwa na 42,000, kwa sababu siku ile ya nyuma soko lilianguka. Kutoka hasi 100 mpaka 1,500 bei ikiwa imelala! Nilinunua anguko la wiki mbili zilizopita nikidhani ni mbio za leo. Siku mbili baadaye stop losi ikanisalimia.

Utaambiwa utumie ROC kwa kuwa inatoa asilimia. Ni afadhali, lakini bado. Dhahabu yako, tuseme imetoka 2,000 mpaka 2,038, ni asilimia 1.9. Yuro kutoka 1.0700 mpaka 1.0840 ni 1.3. Dhahabu bado inaonekana mbele. Sasa gawa Momentum kwa ATR ya chati hiyohiyo, yaani mwendo wake wa kawaida wa siku. ATR ya dhahabu ikiwa 24, unapata 1.6. Ya yuro ikiwa 0.0065, unapata 2.15. Yuro ndiyo imekimbia kupita kawaida yake. Bitikoini yangu ATR yake ilikuwa 1,400: 1.07 tu, ya mwisho kabisa, na ndiyo niliyoibebea loti maradufu.

Gawa kwa ATR kwanza. Halafu hesabu mishumaa kumi nyuma kwa kidole uone kama bei ya leo ndiyo iliyosogea au ya zamani ndiyo iliyobadilika. Leta ATR zako hapa kabla hujaingia.

Yule mwalimu, kwa taarifa yenu, siku hizi anafundisha ufugaji wa kware.