Ghorofa upande wa magharibi: kivuli kwa nani, na upepo wa ziwa je?

*Swali: Mtaa wetu hapa Kisumu una maduka ya chini tu, pande zote mbili, na barabara inakwenda kaskazini–kusini. Wenye ploti za upande wa magharibi, ule wa kuelekea ziwani, wanataka kupandisha hadi mita 9. Kuna wanaosema tutapata kivuli, wengine wanasema tutazibiwa upepo. Kutoka ukuta hadi ukuta ni mita 12. Nani anasema kweli?*

Wote, ila si kwa saa moja wala kwa watu walewale.

Umefanya vyema kupima ukuta hadi ukuta. Wengi hupima lami peke yake, wakasahau njia ya miguu na sehemu ya kuegesha magari, halafu hesabu yote ikapotoka. Kwa maduka ya sasa, ambayo nayakadiria kuwa na kimo cha mita 4, uwiano ni 4 kwa 12, yaani kimo ni theluthi moja tu ya upana. Mkifika mita 9, kimo kinakuwa robo tatu ya upana. Huo ni mtaa mwingine kabisa.

Tuanze na jua. Kisumu iko karibu mno na Ikweta, na hilo linaturahisishia kazi: kwenye barabara ya kaskazini–kusini, kivuli kinachokatiza barabara hakibadiliki sana kati ya Januari na Desemba. Kinachobadilika ni saa. Jua letu hufika juu kabisa mnamo saa sita na dakika 40, wala si saa sita kamili, kwa sababu saa ya Kenya inafuata mstari wa longitudo ulio mashariki mwetu. Saa moja baadaye, ukuta wa mita 9 unatupa kivuli cha mita 2.4, kinachotosha njia ya miguu ya upande wa magharibi. Saa nane na dakika 40 kinafika mita 5.2. Saa tisa na dakika 40 ni mita 9.

Sasa angalia walio upande wa mashariki. Hao ndio wanaopigwa na jua la alasiri usoni, wale wanaoning'iniza magunia mbele ya duka ili bidhaa zisichujuke rangi. Leo kivuli cha maduka ya mita 4 hufika ukutani kwao karibu saa kumi na moja na nusu, wakati wateja wanaanza kurudi nyumbani. Kwa mita 9 kitafika saa kumi na robo. Kwa hiyo anayejenga magharibi anamfaidisha zaidi jirani wa ng'ambo kuliko yeye mwenyewe, na sijui kama wamewahi kuambiana hivyo kwenye mikutano yenu.

Kati ya saa tano na dakika 40 na saa saba na dakika 40, hakuna ghorofa itakayowasaidia sana, kwa sababu jua liko karibu utosini. Hapo dawa ni veranda, kama zile za maduka ya zamani ya Wahindi mjini. Paa la mita 2 kutoka ukutani, likiwa mita 3 juu ya ardhi, linatosha, mradi viti vya bodaboda na meza za mitumba visijaze njia iliyo chini yake.

Upepo ndio wenye gharama. Mchana upepo hutoka ziwani, kwa hiyo unaupiga mtaa wenu ubavuni. Kwa uwiano wa sasa unashuka na kufika chini. Safu nzima ikipanda hadi robo tatu ya upana, na ya mashariki ikafuata, sehemu kubwa ya upepo itapita juu ya mapaa, na joto la injini na moshi vitabaki chini. Usiku kuna jambo jingine: ukisimama katikati ya barabara leo, unaona takriban asilimia 83 ya anga, pande zote zikipanda utaona kama 55. Joto lililoingia kwenye kuta na lami hutoka kupitia uwazi huo, kwa hiyo litachelewa kutoka.

Ningewashauri mkubali mita 9, lakini safu isiwe ukuta mmoja. Kila baada ya ploti chache uachwe uchochoro wa mita 3 unaotazama ziwa, bila geti la mabati la kuuziba. Na upande wa mashariki ubaki chini kwa sasa.

Kabla ya kutia sahihi, simamisha fimbo ya mita 1 barabarani saa nane na dakika 40. Pima kivuli kwa kukatiza barabara tu, si kwa mshazari, maana mwezi wa Juni kitavutwa kusini na Desemba kaskazini. Ukipata karibu sentimita 58, hesabu zangu zinawafaa. Ukipata tofauti kubwa, barabara yenu imepinda kuliko mnavyodhani. Geuza kipimo chako kiwe mita, kisha kizidishe mara 9, upate kivuli halisi cha saa hiyo kwa mita.