Mafuta yakipanda, nauli na vyakula hufuata vipi?

"Naandika habari ya bei mpya za mafuta. Naelezaje inavyofika kwenye nauli na nyanya sokoni?"

Mkuu, anza na dizeli, maana ndiyo inayobeba chakula. EWURA, mamlaka ya nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bodaboda huweza kupandisha siku hiyohiyo. Daladala husubiri LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ipitie maombi ya wamiliki, kwa hiyo usiandike kwamba nauli zimepanda kabla haijatangaza.

Kwenye nyanya, piga hesabu. Tuseme Fuso inatoka Ilula, Iringa, na tani 6, inakwenda Dar na kurudi tupu, inakunywa lita 260. Dizeli ikipanda shilingi 300 kwa lita, gharama inaongezeka 78,000, yaani shilingi 13 kwa kilo. Kidogo, eh? Basi ukikuta sokoni kilo imepanda 300, mafuta ya lori hilo peke yake hayaelezi. Muulize mkulima kuhusu pampu ya kumwagilia, muulize dalali, na uulize kama ni msimu wa uhaba. Muuza genge naye hana sarafu ya 13: atavumilia wiki mbili, kisha atapunguza nyanya kwenye fungu, bei ibaki ileile. Hesabu mafungu, usiulize bei tu.