Theluthi ni mwisho wa kamba, si mwanzo wake

*Maalim, baba ameacha karatasi kwamba nyumba ya Ng'ambo ni ya kaka yetu mkubwa, na waliobaki tugawane kilichobaki. Karatasi ina mashahidi wawili. Tuifuate?*

Hili ni la tatu mwezi huu, na kila mmoja anadhani lake ni geni. Kaka yenu ni mrithi. Mtume (s.a.w.) amesema Mwenyezi Mungu amempa kila mwenye haki haki yake, basi hakuna wasia kwa mrithi. Mashahidi wawili au ishirini, wanachothibitisha ni kwamba baba aliyasema maneno yale, hawayafanyi yakafaa. Nyumba inaingia kwenye tirka, inagawiwa kwa wote.

Mlango uliobaki ni mmoja: nyinyi warithi wengine mridhie, baada ya kifo, mkiwa watu wazima na bila kushikwa shati. Na hapo ndipo ninapoogopa. Nimekaa kwenye baraza ambapo dada wanne waliulizwa "mmeridhia?" na ami yao, mbele ya watu arubaini, hata tanga halijaanuliwa. Wote waliinamisha vichwa. Ami akaandika "wameridhia". Ile ilikuwa haya tu, si ridhaa.

*Mali nimechuma mwenyewe kwa jasho langu. Kwa nini nizuiwe kuiusia nipendavyo?*

Ukiwa mzima hukuzuiwa. Uza, toa, weka wakfu, jenga msikiti. Unazuiwa pale unapotaka kutoa kitu ambacho hutakihitaji tena, kwa gharama ya watu watakaokihitaji.

Saad bin Abi Waqqas aliugua Makka mwaka wa Hija ya Kuaga, akadhani ndio mwisho. Akamwambia Mtume: nina mali, na hanirithi ila binti yangu mmoja, nitoe sadaka theluthi mbili? Hapana. Nusu? Hapana. Theluthi? Akajibiwa: theluthi, na theluthi ni nyingi, kuwaacha warithi wako wakijiweza ni bora kuliko kuwaacha mafukara wanaonyoosha mikono kwa watu. Angalia kwamba Saad hakutaka kumdhulumu mtu. Alitaka sadaka, na bado alizuiwa. Halafu hakufa. Aliishi miaka mingi baadaye, akapata watoto wa kiume pia. Lau theluthi mbili zingetoka siku ile, wale waliozaliwa baadaye wangekuta nini?

Mafungu ya Suratun Nisaa, aya ya 11 na 12, hayakuachiwa mtu ayapange, na aya yenyewe inatoa sababu: hamjui ni yupi kati ya wazazi wenu na watoto wenu aliye karibu zaidi nanyi kwa manufaa. Wasia usio na mpaka ungeyafuta mafungu hayo yote kwa kalamu moja. Mke mwenye thumuni angebaki na thumuni ya sifuri. Theluthi ndiyo nafasi uliyoachiwa kwa wale ambao aya haikuwataja: jirani, yatima uliyemlea, madrasa, ndugu asiyerithi. Na Ibn Abbas alikuwa akitamani watu washuke hadi robo, kwa sababu ya neno lile "ni nyingi". Nyinyi mnaandika theluthi kamili kama vile ni faradhi.

*Theluthi inahesabiwa kwa mali ya siku ya kuandika wasia au siku ya kufa?*

Siku ya kufa, baada ya mazishi na madeni.

*Marehemu ameacha mke, watoto wa kiume watatu na binti mmoja wa miaka kumi. Mali yote ni milioni 60. Ameusia milioni 24 kwa madrasa. Watoto wawili wakubwa wanasema itolewe yote, wa tatu hataki, na mama yao pia hataki. Tunafanyaje?*

Hujaniambia madeni. Hakuna anayeniambia madeni. Aya inataja wasia kwanza kisha deni, lakini kwa utekelezaji deni hutangulia, na mahari ya mke ambayo hayajalipwa ni deni kama la duka. Nilipokuuliza ukanijibu: mazishi milioni 1, madeni pamoja na mahari milioni 11. Basi zinabaki 48, na theluthi yake ni 16. Hizo madrasa inazipata bila kumuomba mtu.

Zilizobaki 32 zinagawiwa hivi: mke thumuni, yaani 4. Zile 28 ni za watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja, jumla mafungu saba ya milioni 4. Kila mvulana 8, binti 4.

Sasa zile 8 zilizozidi. Anayeridhia anaridhia katika fungu lake tu, hamridhii mwenzake. Lau wote wangekubali, warithi wangegawana 24 badala ya 32, na kila mvulana angepata 6. Kwa hiyo kila mmoja wa wale wawili anaipa madrasa milioni 2 zake. Madrasa inapata 20. Mama anabaki na 4, kijana asiyetaka na 8, na wala asisemwe. Binti wa miaka kumi ana 4 zake, na hakuna mlezi, mama au ami mwenye haki ya kuridhia kwa niaba yake. Akisharidhiwa, kuna mtu amekula mali ya yatima.

*Mama alilazwa, akatia dole gumba kumpa mdogo wetu shamba la mikarafuu. Alifariki siku ya tano. Mdogo anasema ni hiba, si wasia, kwa hiyo theluthi haihusiki.* (Wete)

Jina hiba halimsaidii. Alichotoa mtu katika maradhi yanayohofiwa kifo, kisha akafa nayo, hukumu yake ni ya wasia. Mtu mmoja alipokaribia kufa aliwaacha huru watumwa wake sita na hakuwa na mali nyingine. Mtume akapiga kura, wakaachwa wawili tu, theluthi. Na mdogo wenu ni mrithi, kwa hiyo hata theluthi haimfikii bila ridhaa yenu. Mama angelipona, ingebaki hiba ya kawaida.

Hiba ya kweli hutolewa mtu akiwa na afya, na mpewa anakabidhiwa: anachuma karafuu, anauza, pesa anatia mfukoni mwake. Shamba ambalo mama aliendelea kupokea mavuno yake halijahama, karatasi iseme isemavyo.

*Wajukuu waliofiwa na baba yao wanarithi kwa babu?*

Akiwepo mtoto wa kiume wa babu aliye hai, hapana. Misri waliwawekea wasia wa lazima kwa sheria ya mwaka 1946; kwa Shafii tunayoifuata hapa pwani, babu asipoandika hawana fungu. Theluthi yako unayoilimbikizia msikiti wenye marumaru tayari, wapo hawa nyumbani kwako. Ila mrithi hujulikana siku ya kufa: ami zao wote wakitangulia kabla ya babu, mjukuu wa kiume anageuka mrithi, na wasia wake unahitaji ridhaa ya wenzake.

*Baba hakuhiji na alikuwa na uwezo. Hija ya badali itoke kwenye theluthi?*

Hilo ni deni. Hutoka kabla ya theluthi, isipokuwa mwenyewe alisema itoke humo.

*Tulikubali mbele ya baba akiwa hai kwamba nusu ya mali iende wakfu. Nimebadili nia. Nina dhambi?*

Huna. Kwa Shafii, ridhaa ya kabla ya kifo haikufungi, maana ulikuwa unatoa kitu ambacho bado si chako. Malik ana kauli nyingine ikiwa ilitolewa katika maradhi ya mauti, na nadhani kaka yako ataileta kesho asubuhi.