Dawa ya aleji ya kulaza, ukimeza usiku unaweza kuendesha asubuhi?

"Wakuu, nina aleji ya vumbi na naendesha lori. Piritoni inanilaza sana. Nikimeza usiku tu, asubuhi niko salama barabarani? Na bia moja jioni je?"

Mkuu, kumeza usiku hakukuokoi. Piritoni (klofeniramini) hutuliza kupiga chafya kwa saa nne hadi sita tu, ndiyo maana watu hudhani ikiacha kufanya kazi puani imeshatoka mwilini. Kwa mtu mzima mwili huchukua kama saa 20 kuondoa nusu yake. Ukimeza kidonge cha miligramu 4 saa nne usiku, saa kumi na mbili asubuhi unapowasha gari karibu robo tatu bado imo. Ukirudia kila usiku, masalio yanapandana.

Inalaza kwa sababu inaingia kwenye ubongo na kuzuia histamini, ambayo huko kazi yake ni kukuweka macho. Dawa mpya hazipenyi kirahisi, na hata kiasi kinachofika husukumwa nje. Ubaya wa zile za zamani ni kwamba unaweza usisikie usingizi kabisa, ila mguu ukachelewa kwenye breki na gari likayumba kwenye mstari. Kwa hiyo "najisikia poa" si kipimo. Kahawa nayo hairudishi wepesi huo wote.

Kwa dereva, au anayepanda ngazi ndefu na kushika mashine, mimi ningeanza na feksofenadini, miligramu 120 mara moja kwa siku kwa mafua ya aleji. Imeze na maji matupu: juisi ya machungwa au tufaha hupunguza kiasi kinachoingia mwilini, halafu mtu analalamika dawa ni feki. Loratadini miligramu 10 nayo ni nzuri, ila usiongeze dozi, maana ukizidisha inaanza kulaza. Setirizini miligramu 10 imewekwa kundi la zisizolaza, lakini baadhi ya watu inawalaza kweli. Yoyote utakayochagua, dozi ya kwanza imeze siku ya mapumziko. Mwenye figo au ini bovu aulize dozi kwanza kwa mfamasia.

Bia: na piritoni, hapana, hata moja, na hata kama kidonge ulimeza jana yake, kwa hesabu ile ile ya juu. Kwa setirizini pia acha. Feksofenadini na loratadini kwa dozi ya kawaida haziongezi ulevi kwa kiasi cha kuonekana, lakini bia yenyewe inabaki bia, na pua iliyoziba huziba zaidi.

Jambo la mwisho, soma pakiti za vidonge vya mafua na dawa za kikohozi. Nyingi zina klofeniramini ndani yake, kwa hiyo unaweza kuacha piritoni leo na kesho ukaimeza tena kwa jina lingine.