Mashine imezinduliwa, lakini habari iko wapi? Kukagua rasimu ya taarifa kwa vyombo vya habari

Swali: Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa mahindi hapa Busia, upande wa Uganda. Tumenunua mashine ya kukaushia nafaka na tukaizindua Ijumaa iliyopita. Nimeandika taarifa ya kupeleka redioni na magazetini, naiambatanisha. Nilifundishwa kwamba aya ya kwanza ijibu nani, nini, lini na kwa nini, na naona yangu inajibu yote manne. Mwenyekiti naye anataka mgeni rasmi atajwe mwanzoni kabisa. Je, iko tayari kutumwa? Na kichwa cha habari kinatosha? – Katibu, Busia

Jibu: Ndugu katibu, usiitume bado. Habari unayo, tena nzuri, ila imejificha kwenye aya ya nne, na mhariri wa redio hatafika huko. Ili wasomaji wengine watufuate, naweka hapa kichwa chako na aya yako ya kwanza. Jina la chama nimeliondoa.

> CHAMA CHAFANYA HAFLA KABAMBE YA UZINDUZI WA MASHINE YA KISASA YA KUKAUSHIA NAFAKA KWA MAENDELEO ENDELEVU YA JAMII
>
> Uongozi na wanachama wote wa chama wana furaha kubwa kuwatangazia wananchi kwamba, katika juhudi za kuinua maisha ya mkulima kwa mujibu wa dira ya chama, hivi karibuni kimezindua rasmi mashine ya kisasa katika hafla ya kufana iliyohudhuriwa na viongozi wa serikali, wa dini na wa jamii.

Na hii ndiyo sentensi niliyoikuta katika aya ya nne: "Huduma itaanza Jumatatu tarehe 6 Julai kwa shilingi 60 kwa kilo, na hata wasio wanachama wanaruhusiwa kuleta mahindi yao."

Nikipokea rasimu yoyote, kazi yangu ya kwanza ni kuisoma kuanzia chini kwenda juu. Waandishi wa vyama na mashirika huanza na heshima, wakaja na historia, na mwisho kabisa wanataja kile kitakachomgusa mtu. Nikishaipata sentensi ya namna hiyo naipa mtihani mmoja: mkulima akiisikia redioni jioni, kesho yake atafanya nini ambacho hakukusudia kufanya? Kwa sentensi yako jibu lipo. Aliyekuwa apeleke mahindi mabichi kwa mchuuzi Jumamosi anaweza kusubiri hadi Jumatatu ayakaushe kwanza. Huo ndio uzito wa habari yako. Ukiipa aya yako ya kwanza mtihani huohuo, mkulima hana la kufanya isipokuwa kukupongeza.

Mtihani wa pili ni wa jina. Toa jina la chama chako, weka la chama chochote cha kahawa, cha maziwa au cha bodaboda, na badala ya "mashine" weka "ofisi". Aya yako ya kwanza bado inasimama vilevile. Sentensi inayomfaa kila mtu haina habari ya mtu yeyote, na mhariri anayepokea taarifa nyingi kwa siku anaitambua kwa mstari mmoja.

Sasa tuje kwenye yale maswali manne. Ni kweli kila swali umeliwekea maneno, lakini maneno hayo yanakijibu chama, hayamjibu msikilizaji. Nani? Umeandika uongozi na wanachama, ilhali anayehusika zaidi ni mkulima wa Busia, pamoja na yule asiye mwanachama. Nini? Umeandika hafla, ilhali jambo lenyewe ni huduma ya kukausha na bei yake. Lini? "Hivi karibuni" si tarehe. Na hata ungeandika Ijumaa, ungekuwa umetaja siku iliyokwisha pita wakati siku yenye faida kwa msikilizaji iko mbele yake. Hapa una bahati, kwa sababu hafla imeshapoa lakini kuanza kwa huduma bado ni jambo jipya. Ifanye Jumatatu iwe ndiyo siku ya habari, na Ijumaa ishuke chini.

Swali la kwa nini ndilo lililokushinda zaidi. "Kwa mujibu wa dira ya chama" ni sababu ya mkutano mkuu. Sababu anayoitaka mhariri ni ile iliyoko shambani: mahindi ya msimu wa kwanza yanavunwa kuanzia mwezi wa sita na mvua haijaisha, juu ya turubai hayakauki, na mahindi mabichi yanakatwa bei au yanarudishwa. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na ninyi mnaokaa mpakani mnajua maana yake kuliko mtu wa Kampala. Mwezi Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ndani ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo la cheti cha kupimwa. Tukio hilo lisiingie aya ya kwanza, kwa kuwa ni la zamani. Liweke aya ya tatu, limsaidie mwandishi kueleza kwa nini ukaushaji ni jambo zito kwa wilaya ya mpakani.

Usiseme tu kwamba wanunuzi wanakataa mahindi. Fungua daftari la ghala, hesabu magunia ya wanachama yaliyorudishwa msimu uliopita, uandike idadi na mwezi. Kama daftari halina, mtafute mwanachama mmoja aliyerudishiwa mzigo na akubali kutajwa. Bila kimojawapo kati ya hivyo, sababu yako inabaki kuwa maneno ya chama chenyewe.

Kuna jambo katika aya ya tano ambalo lazima ulitoe kabla ya kingine chochote. Umeandika kwamba mashine "inaondoa sumukuvu". Haiondoi. Kukausha mapema kunauzuia ukungu usiendelee kukua na kutoa sumu, lakini sumu iliyokwisha ingia kwenye punje haitoki kwa hewa ya moto ya mashine. Mwandishi wa kilimo anayejua kazi yake ataliona hilo, na akiliona hataamini hata bei uliyotaja. Kibaya zaidi, mkulima anaweza kuleta mahindi yaliyoota ukungu akidhani yatapona. Andika hivi: "Kukausha mapema baada ya kuvuna hupunguza hatari ya mahindi kuingiwa na sumukuvu."

Kichwa cha habari sasa. Chako kina maneno zaidi ya kumi na tano, na yote ni herufi kubwa. Mhariri anakiona kwanza kwenye simu, katika mstari wa mada ya barua pepe, na hapo hupata maneno sita au saba tu kabla hakijakatwa. Maneno yako ya mwanzo ni "Chama chafanya hafla kabambe ya uzinduzi". Akikatia hapo amepata hafla. Watu wengi pia huanza mstari huo kwa "Taarifa kwa vyombo vya habari" na kuumaliza palepale. Maneno hayo yakae juu ya waraka, mstari wa mada ubebe kichwa chenyewe.

Kichwa chenye nguvu kina mtu, kitendo na kitu kimoja kinachopimika. Nilijaribu kwanza "Mashine ya kukaushia mahindi yazinduliwa Busia". Ni kifupi na ni cha kweli, lakini kinarudi kwenye hafla na hakuna mtu ndani yake. Nikaja na "Wakulima Busia kukausha mahindi kwa shilingi 60 kwa kilo". Hiki kina mtu, kina bei na kinaangalia mbele. Hata kikikatwa baada ya "mahindi", bado kinaeleweka. Ningekichukua hiki. "Kabambe", "ya kisasa" na "endelevu" yaache yote, kwani hakuna hata moja linaloweza kuhakikishwa.

Aya ya kwanza ningeiandika hivi:

> Wakulima wa mahindi wilayani Busia wataanza kukausha mazao yao kwa mashine Jumatatu, Julai 6, kwa shilingi 6,000 kwa gunia la kilo 100, wawe wanachama wa chama cha ushirika kinachomiliki mashine hiyo au la. Chama (jina) kimeanzisha huduma hiyo kwa sababu mvua za wakati wa mavuno huwalazimu wakulima kuuza mahindi mabichi, ambayo wanunuzi huyakata bei au kuyakataa.

Soma kwa sauti. Nani, nini, lini na kwa nini vyote vimo katika sentensi mbili, na kila jibu linaweza kuulizwa na likathibitishwa. Bei nimeigeuza kuwa ya gunia kwa sababu msikilizaji anahesabu kwa magunia. Kwenye kichwa kilo inatosha. Kumbuka pia taarifa yako haitasomwa kwa lugha uliyoiandikia. Redio za huko zitaigeuza kwa Kisamia, Kiteso au Kiganda, na gazeti la Kampala litaigeuza kwa Kiingereza. Katika kugeuzwa huko sifa zote hupotea, lakini tarehe, bei na mahali hufika salama.

Mwandishi makini atakuuliza jambo ambalo rasimu haikulisema: hizo shilingi 60 zinahesabiwa kwa uzito wa kabla ya kukausha au wa baada? Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likishushwa hadi 13.5, litarudi na takriban kilo 95. Kilo tano hizo ni maji, ila mkulima asiyeelezwa atadhani ameibiwa. Sentensi moja juu ya hilo katika aya ya pili itawaokoa na ugomvi ghalani.

Kuhusu mwenyekiti, namwelewa, protokali ina nafasi yake. Mweleze kwamba mgeni rasmi anapanda hadi aya ya kwanza pale tu alipotangaza jambo, mathalani fedha, barabara au agizo. Kama alikata utepe na kuwapongeza, nafasi yake ya heshima ni aya ya nne na maelezo ya picha. Kwa picha, mpe mhariri ile ya mkulima akimimina mahindi mashineni pamoja na ile ya utepe. Najua atachukua ipi.

Nikupe pia matarajio ya kweli. Hii ni habari ya Busia na wilaya jirani, na redio za huko zitaichukua. Kwa New Vision au Daily Monitor, usilenge kurasa za mbele. Lenga kurasa zao za kilimo, na huko watahitaji zaidi ya taarifa: mkulima mmoja mwenye hesabu zake, mavuno, bei aliyokatwa na bei anayotarajia. Mwahidi mwandishi mkulima huyo, umwandae mapema.

Itume Alhamisi asubuhi, Julai 2, si Jumamosi ambapo vyumba vya habari vina watu wachache. Chini kabisa weka jina na namba ya simu ya mtu mmoja anayejua bei, uwezo wa mashine kwa siku na mahali ilipo, na ambaye simu yake itakuwa wazi siku hiyohiyo mchana kutwa. Kama mwenyekiti hapokei simu akiwa shambani, weka yako.