Sarafu, waendesha boda na swali la leseni

Swali: «Nimepewa kazi ya kuwauliza waendesha boda 400 hapa Arua, Uganda, kama wanaendesha bila leseni, na nimeambiwa kila mmoja arushe sarafu kwanza. Mtu akisema "ndiyo" kwa sababu ya sarafu tu, ukweli nitaupataje?»

Ndugu, ukweli wa mtu mmoja mmoja hutaupata, ila wa kundi unapatikana. Nimesimamia dodoso la namna hii katika stendi za boda. Mwendeshaji aliirusha shilingi 500 ndani ya kofia yake ya usalama, sisi tukiwa tumempa mgongo. Ikiangukia upande wa korongo alisema «ndiyo» hata kama leseni anayo, na ikiangukia upande wa nembo ya taifa alijibu kweli.

Tuseme umepata «ndiyo» 230. Katika watu 400, takriban 200 wameangukiwa na korongo, kwa hiyo «ndiyo» 200 ni za sarafu. Zinazobaki 30 zimetoka kwa wale 200 waliojibu kweli, nayo ni asilimia 15. Faragha hii ina gharama, kwani kwa watu 400 makadirio hayo yanaweza kukosea kwa takriban asilimia 10 juu au chini, ilhali swali la moja kwa moja, kama wote wangelijibu kweli, lingekosea kwa takriban asilimia 3.5 tu.

Lakini kilichotusumbua zaidi ni mwenye leseni aliyeangukiwa na korongo akakataa kutamka «ndiyo», maana haoni kwa nini ajichafue kwa kosa lisilo lake. Wakikataa 20 tu kati ya wale 200, «ndiyo» zinashuka hadi 210 na makadirio yanaanguka kutoka asilimia 15 hadi 5. «Ndiyo» zote zikiwa chini sana ya nusu, udanganyifu unaonekana wazi. Katika mfano huu ni zaidi ya nusu, na usipojihadhari utaiamini ile 5.

Kwa hiyo, kabla ya swali lenyewe, wape la majaribio ambalo jibu lake la kweli ni «hapana» kwa kila mtu, kwa mfano kama amewahi kuvuka Ziwa Viktoria kwa kuogelea. Karibu nusu yao wanapaswa kusema «ndiyo». Wakisema robo tu, ama hawajaelewa kanuni ama wanaikwepa, nawe usiendelee kabla ya kuwaeleza upya, ikiwezekana kwa lugha wanayoitumia stendini.

Wakizidi kukwepa, mimi ningetumia dadu: moja ni «ndiyo», sita ni «hapana», nyingine zote ni ukweli. Hapo hata «hapana» inaweza kuwa ya dadu, na kosa la makadirio hupungua hadi kama asilimia 6.5. Hata hivyo «ndiyo» inakuwa nzito zaidi: kwa kiwango kile cha asilimia 15, karibu nusu ya wanaoitamka hawana leseni kweli, ilhali kwa sarafu ni kama robo.